Kusawazisha Skrini kwa Ajili ya Picha Mseto za Kipimo cha HER2

Mgonjwa wa saratani ya matiti ambaye kipimo cha protini ya HER2 kimetoa jibu la kati, lisilo hasi wala chanya, hufanyiwa kipimo kingine kiitwacho FISH. Kipande chembamba cha uvimbe hutiwa rangi tatu zinazong'aa chini ya hadubini: buluu huonyesha viini vya seli, nyekundu huonyesha jeni ya HER2, na kijani huonyesha sehemu ya katikati ya kromosomu ya 17, ambamo jeni hiyo hukaa. Kamera haipigi rangi hizo pamoja. Hupiga kila moja peke yake, kwa weusi na weupe, kisha programu ya kompyuta huzipa rangi picha hizo tatu na kuzipandanisha. Tunachokitazama mwishowe ni picha mseto.

Vitone vyekundu na vya kijani huhesabiwa katika viini visivyopungua 20. Kuhesabu hasa hufanyika kwenye hadubini au kwenye picha za awali, lakini mtaalamu wa pili anayeombwa maoni akiwa mji mwingine huenda akapata picha mseto tu, naye ataitazama kwa skrini yake mwenyewe.

Tuchukue mfano. Katika viini 20 kuna vitone vyekundu 90 na vya kijani 50. Wastani wa jeni ni 4.5 kwa kila kiini, na uwiano wa nyekundu kwa kijani ni 1.8. Jibu la namna hii halitoshi kuitwa chanya. Hulinganishwa na kipimo cha protini na hesabu hurudiwa na mtu mwingine. Sasa tuseme mtu huyo mwingine haoni vitone 10 vya kijani vilivyo hafifu. Kwake kijani ni 40, uwiano unakuwa 2.25, na jibu linageuka kuwa chanya, kwa kuwa mpaka ni 2.0 pamoja na wastani wa jeni usiopungua 4. Mgonjwa aweza kuanzishiwa trastuzumabu, dawa ya gharama kubwa inayoweza kudhoofisha moyo, ilhali uvimbe wake haukuihitaji. Seli hazikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni skrini.

Vitone hupotea kwa sababu mbili ambazo mara nyingi huenda pamoja. Ya kwanza ni gama, yaani namba inayoeleza jinsi mwanga wa skrini unavyoshuka kadiri thamani ya rangi katika faili inavyopungua. Thamani hizo huanzia 0 hadi 255. Kitone cha kijani chenye thamani 30, kwenye skrini yenye gama ya 1.8, hutoa takriban asilimia 2.1 ya kijani kamili cha skrini hiyo. Kwenye skrini yenye gama ya 2.2 hutoa asilimia 0.9 tu. Basi mtayarishaji ambaye skrini yake ina gama ya chini hukiona kitone vizuri, akaridhika, akaituma picha. Mpokeaji hupata chini ya nusu ya mwanga ule.

Sababu ya pili ni chumba. Skrini iliyowekwa kwenye mwanga wa kandela 120 kwa mita ya mraba hutoa kandela zipatazo 86 kwa kijani kamili, na asilimia 0.9 yake haifiki kandela moja. Tuseme taa za ofisi zinaangaza kioo kwa lukisi 300, nacho kinarudisha asilimia 1.5 ya mwanga huo. Hiyo ni takriban kandela 1.4, zaidi ya kitone chenyewe. Kitone kimo katika faili na kimo katika skrini, lakini kimefunikwa na ukungu wa taa.

Kwa hiyo usawazishaji huanza na chumba. Skrini isielekee dirisha, na taa isiangukie kioo. Giza totoro halihitajiki, mwanga hafifu ulio nyuma ya skrini hufaa. Skrini iwashwe nusu saa kabla, kwa maana ikiwa baridi mwanga wake hubadilikabadilika. Kisha zima kila kitu kinachoibadilisha bila idhini yako: mwanga unaojirekebisha, kuokoa umeme, na hasa hali ya usiku inayopunguza buluu. Hali hiyo hufifisha mipaka ya viini, na viini viwili vinavyogusana vikahesabiwa kuwa kimoja chenye vitone vingi. Katika menyu ya skrini chagua `sRGB` iwapo ipo. Hili lina uzito zaidi kwa skrini mpya zenye rangi kali, kwa kuwa programu nyingi za hadubini hazisomi wasifu wa rangi.

Baada ya hapo huwekwa kipimarangi, kifaa kidogo kinacholazwa juu ya kioo na kusoma mwanga kinapoonyeshwa viraka vya rangi. Programu kama `DisplayCAL`, ambayo hailipiwi, huuliza malengo matatu: weupe wa kelvini 6500, mwanga wa kandela 120, na gama ya 2.2. Mwanga na weupe hurekebishwa kwanza kwa vitufe vya skrini yenyewe. Programu hukamilisha yaliyobaki na kuhifadhi wasifu. Kazi hiyo irudiwe kila mwezi au miwili, maana taa za skrini huchakaa.

Hata hivyo, kipimarangi chako hakiifikii skrini ya mwenzako. Faida yake ni kwamba hutaitia picha kasoro ya skrini yako ukidhani unaiboresha. Ili kumsaidia mpokeaji, njia ninayoiona bora kuliko zote ni ya kizamani: chini ya picha chora ukanda mweusi wenye viraka vya kijani vya thamani 10, 20, 30 na 40, na pembeni yake viraka vyekundu vya thamani zile zile. Tafuta kitone hafifu kuliko vyote ulichokihesabu, ikiwa thamani yake ni 30, andika: “Usiyeona kiraka cha 20, usihesabu.” Mpokeaji asiye na kipimarangi atajua papo hapo kama skrini na chumba chake vinamficha kitu. Ukanda huo hauponyi rangi zilizopotoka, ila hufichua upotevu, na upotevu ndio unaogeuza hesabu.

Faili nayo ihifadhiwe kwa `TIFF` au `PNG`, ikiwa na wasifu wa `sRGB` ndani yake. Mbano wa `JPEG` kwa kawaida hupunguza undani wa rangi kuliko undani wa mwanga, hivyo kitone chekundu kinachopakana na cha kijani huchanganyika kuwa doa la manjano. Picha inayopitia simu kama picha ya kawaida hupatwa na hayo. Itumwe kama hati. Na ziambatanishwe picha tatu za awali za weusi na weupe. Katika picha hizo kitone hafifu huonekana kwa urahisi zaidi, na mtaalamu asiyetofautisha nyekundu na kijani, jambo lisilo adimu kwa wanaume, aweza kuhesabu bila kukisia.

Mgonjwa aliyepewa picha yake kwenye simu asijaribu kuhesabu vitone. Anaweza kumuuliza daktari wake maswali mawili: je, uwiano wangu uko karibu na 2.0? Na kama uko karibu, aliyehesabu mara ya pili alitazama picha za awali au ile ya rangi pekee?