Maji Yatajaa Saa Ngapi? Hesabu ya Dakika 50

Kila mkaazi wa Unguja anajua kwamba bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Anayepita Forodhani huona leo maji yamepanda mpaka karibu na ukingo wa ukuta, na kesho saa ile ile akakuta bado yanapanda. Wazee wetu hawakuhitaji jedwali lililochapwa ili kujua maji ya keshokutwa. Walitazama mwezi, wakahesabu. Katika makala hii tutajifunza hesabu hiyo, kisha tutaona mahali inapoteleza, kwani hapo ndipo mtu hukwama.

Kwanza tujiulize kwa nini saa za maji hazitulii. Saa za sala tunazijua. Adhuhuri ya leo na ya wiki ijayo zinapishana kwa dakika chache tu, kwa sababu sala hufuata jua. Maji hufuata zaidi mwezi. Mwezi huyavuta maji ya bahari, na mvuto wake hufanya vilima viwili vya maji, kimoja upande wa dunia unaoelekea mwezi na kingine upande wa pili. Dunia inapojizungusha, kisiwa chetu hupitia vilima vyote viwili, na ndiyo maana tunapata kujaa mara mbili.

Lakini mwezi nao hausimami. Wakati dunia inajizungusha mara moja kwa saa 24, mwezi umeshasogea mbele kidogo katika njia yake. Dunia inabidi iendelee kuzunguka kwa dakika kama 50 zaidi ili ielekeane nao tena. Jambo hili mmeliona kwa macho kila mwezi unapoandama. Jioni ya kwanza hilali huzama mapema baada ya Magharibi. Jioni ya pili hukaa mbinguni kwa muda mrefu zaidi, na jioni ya tatu zaidi ya hapo. Kuchelewa huko kwa mwezi ndiko kuchelewa kwa maji. Kwa hiyo kutoka kujaa kwa jioni hii mpaka kujaa kwa jioni ya kesho ni saa 24 na dakika 50. Kutoka kujaa kumoja mpaka kujaa kunakofuata ni nusu yake, yaani saa 12 na dakika 25. Na kutoka kujaa mpaka kupwa ni kiasi cha saa 6 na robo.

Sasa tunahitaji mahali pa kuanzia hesabu. Kila bandari ina desturi yake. Katika bandari yetu ya Unguja, maji hujaa kiasi cha saa nne baada ya mwezi kupita juu kabisa mbinguni. Mwezi mpevu huwa juu kabisa karibu na saa 6 usiku, kwa hiyo maji hujaa kiasi cha saa 10 alfajiri, na tena saa 10 na dakika chache jioni. Mwezi wa kiza, tusiouona, hupita juu pamoja na jua, karibu saa 6 mchana. Maji yake nayo hujaa kiasi cha saa 10 jioni. Nusu mwezi wa mwanzo huwa juu wakati wa Magharibi, na maji yake hujaa kiasi cha saa 4 usiku. Ndiyo maana siku za bamvua, zinazokuja mwezi unapokuwa mpevu au wa kiza, maji hujaa jioni na hukauka saa 4 au saa 5 asubuhi. Hiyo ndiyo saa ambayo kina mama wa Paje na Jambiani huteremka kwenye mashamba ya mwani. Siku za maji mafu mambo hugeuka, na maji hujaa saa 4 au saa 5.

Kwa tarehe za Kiislamu, basi, mwezi 14 na mwezi 29 maji hujaa karibu na saa 10, na mwezi 7 na 22 hujaa karibu na saa 4. Hii ni kanuni ya kukadiria tu. Mwezi unaweza kuonekana siku moja baadaye kwa ajili ya mawingu, na tarehe ikipishana kwa siku moja, hesabu yako itapishana kwa karibu saa nzima. Ni bora kuanzia na maji yenyewe kuliko kuanzia na tarehe.

Jinsi ya kuyapima ni hivi. Karibu na kilele maji husimama, na huwezi kusema kwa jicho ni dakika gani yalifika mwisho. Basi usikingoje kilele. Chagua jiwe au daraja moja kwenye ngazi za Forodhani. Andika saa maji yanapoligusa yakipanda, kisha andika saa yanapoliacha yakishuka. Katikati ya saa hizo mbili ndipo kilele. Tuseme maji yamegusa jiwe lako saa 9:35 na yameliacha saa 10:35. Kilele kilikuwa saa 10:05 jioni.

Sasa tufanye mfano kamili. Leo ni Jumanne, mwezi 14, na umepima kilele saa 10:05 jioni. Jumamosi, familia yako inataka kwenda kuwatazama jamaa kisiwani Uzi. Kwa miaka mingi watu wa Uzi walivuka kutoka Unguja Ukuu kwa njia ya mawe iliyopita katikati ya mikoko, ambayo maji makubwa yakija huifunika. Aliyechelewa hulala ng'ambo au hungoja mpaka maji yapwe. Tuchukue njia ya namna hiyo, na tuseme mwenyeji amekuambia usipite kuanzia saa mbili kabla ya kilele mpaka saa mbili baada yake.

Kutoka Jumanne mpaka Jumamosi ni siku 4. Siku 4 mara dakika 50 ni dakika 200, yaani saa 3 na dakika 20. Ukijumlisha na saa 10:05 unapata saa 1:25 usiku. Ondoa saa mbili, na utasema njia iko wazi mpaka saa 11:25 jioni. Hesabu ni sahihi, lakini ukiitegemea utarudi ukikuta mikoko imo majini.

Kosa liko wapi? Dakika 50 ni wastani wa nusu mwezi nzima. Si kuchelewa kwa kila siku. Jua nalo huvuta maji, ingawa nguvu yake haifiki nusu ya ile ya mwezi. Kilima cha maji cha jua hakicheleweshwi, hurudi saa ile ile kila siku. Wakati wa bamvua vilima vya jua na mwezi hukaa pamoja, na ndiyo maana maji huwa makubwa. Siku zinazofuata kilima cha mwezi hutangulia kuchelewa, lakini kile cha jua hukivuta nyuma. Kilele tunachokiona hukaa kati ya viwili hivyo. Basi siku za bamvua maji huchelewa kwa dakika 35 mpaka 40 tu kwa siku. Siku za maji mafu deni hilo hulipwa, na maji huchelewa kwa zaidi ya saa moja kwa siku. Mwisho wa nusu mwezi hesabu hulingana, na maji hurudi kwenye saa zake za mwanzo.

Turudie mfano wetu kwa dakika 40. Siku 4 mara 40 ni dakika 160, yaani saa 2 na dakika 40. Kilele cha Jumamosi ni karibu saa 12:45 jioni, na mwisho wa kuvuka ni saa 10:45. Tofauti ya hesabu mbili ni dakika 40, na imeangukia upande mbaya, kwa sababu maji yanakuja kabla ya uliyemtegemea kuyangoja. Kilele cha asubuhi kipo saa 12 na dakika 25 kabla ya kile cha jioni, yaani saa 12:20 asubuhi. Njia itafunguka saa 2:20 asubuhi. Maji yatapwa kabisa karibu saa 6 na nusu mchana. Basi familia iondoke nyumbani baada ya chai, ivuke saa 3, na ianze kurudi mapema baada ya Alasiri.

Pia maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Yanapoanza kujaa huenda polepole, kisha saa ya tatu na ya nne hukimbia. Katika bamvua kubwa, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4, maji huweza kupanda kiasi cha mita moja ndani ya saa moja ya katikati. Mtoto aliyeuona mchanga mkavu na akaendelea kuokota kombe kwa nusu saa zaidi anaweza kukuta kiuno kimezama. Siku za maji mafu tofauti huwa kiasi cha mita moja tu, na hatari hupungua.

Yapo mambo mengine mawili ya kuangalia. Ndani ya hori na mikoko maji hufika kwa kuchelewa kuliko bandarini, basi saa ya Forodhani ipeleke Uzi au Chwaka baada ya kumuuliza mwenyeji tofauti yake. Na ukisoma jedwali la maji au simu, kumbuka kwamba zimeandikwa kwa saa za Kizungu. 16:05 ni saa 10:05 jioni. Ukisahau kuondoa 6, utakwenda pwani wakati wa kupwa ukidhani ni wa kujaa, kwani saa 6 ndizo takriban zinazotenganisha mambo hayo mawili.

Kwa ufupi, pima kilele kwa jiwe, jumlisha dakika 40 kwa siku karibu na bamvua na zaidi ya saa moja karibu na maji mafu, na upime upya kila baada ya siku mbili au tatu. Dakika 50 zitumie kwa safari ya mbali, kama unataka kujua maji ya baada ya wiki mbili.

Zoezi: Jumapili, siku ya mwezi mpevu, maji yamegusa alama yako saa 9:50 jioni na kuiacha saa 10:30. Jumanne asubuhi yatajaa saa ngapi? Kilele cha Jumapili ni saa 10:10. Kwa dakika 40 kwa siku, Jumanne jioni ni saa 11:30, na asubuhi yake ni saa 12 na dakika 25 nyuma, yaani saa 11:05 alfajiri. Nenda ukahakikishe.