Kidoti cheusi puani na kovu linalobaki

Kidoti cheusi kinachoonekana puani au kidevuni ni mdomo wa kizibo. Kila kinyweleo cha uso kina tezi ndogo ya mafuta ubavuni mwake, na mafuta hayo hupanda hadi juu ya ngozi kwa kupitia kitundu kilekile kinachotoa unywele. Kuta za kitundu zimetandikwa seli zinazokufa na kubanduka kila siku, nazo kwa kawaida hutoka pamoja na mafuta bila mtu kujua. Zinapogandana badala ya kutoka, huchanganyika na mafuta na kufanya kizibo laini kama nta. Kitundu kikiwa wazi, sehemu ya juu ya kizibo hukutana na hewa, na mafuta pamoja na melanini iliyomo hugeuka nyeusi. Si uchafu. Ndiyo maana mtu anaweza kujisugua kwa dodoki na sabuni mpaka uso ukawasha, na asubuhi vidoti vikawa palepale.

Vidoti hivi visichanganywe na vitone vidogo vya kijivu au manjano vilivyojipanga kwa usawa juu ya pua. Hivyo vya pili ni nyuzi za mafuta za kawaida, kila mtu mzima anazo, na zikiondolewa hujaa tena ndani ya mwezi mmoja au chini yake. Watu wengi wanaojikamua pua kila wiki wanapigana na kitu ambacho si ugonjwa.

Plasta za pua, ambazo kampuni ya Kijapani ya Kao ilizieneza miaka ya 1990, huvuna zaidi nyuzi hizo. Pua hulowanishwa, plasta ikabandikwa, ikaachwa kwa dakika 10 hadi 15 mpaka ikauka na kukakamaa kama karatasi iliyopakwa wanga. Gundi yake hushika ncha za vizibo, na plasta inapobanduliwa ncha hizo hutoka nayo. Ukiitazama kwenye mwanga unaona msitu wa visiki vidogo, na hapo ndipo mtu anaposhawishika kuwa ngozi imesafishwa. Kilichotoka ni sehemu ya juu tu. Tezi inaendelea kutoa mafuta, na seli za kuta zinaendelea kugandana kama jana. Chunusi zilizofunikwa na ngozi, zile zinazoonekana kama vipele vidogo visivyo na tundu, plasta haizigusi kabisa.

Gundi hiyo pia haichagui. Inashika kizibo, vinyweleo vya laika na tabaka la juu la ngozi. Kwenye ngozi imara hasara huwa wekundu wa saa chache. Kwa anayepaka tretinoini au adapaleni, au anayemeza vidonge vya isotretinoini, tabaka hilo huwa jembamba na hushikamana kwa ulegevu, kwa hiyo plasta inaweza kuchuna ngozi yenyewe na kuacha kidonda kibichi. Mtu huyo asiitumie.

Kikamulio ni kijiti cha chuma chenye kitanzi kidogo mwishoni. Mkononi mwa mtaalamu, ngozi husafishwa kwanza na kulainishwa, chuma hutakaswa, na mdomo wa kitundu ukiwa umefungika hutobolewa kidogo kwa sindano safi. Kisha kitanzi huwekwa kidoti kikiwa katikati na kugandamizwa taratibu, nguvu ikija sawasawa kutoka pande zote. Kizibo kilichokomaa hutoka kwa msukumo mdogo. Kisipotoka baada ya kujaribu mara moja au mbili, huachwa. Kanuni hii ya kuacha ndiyo inayovunjwa nyumbani mbele ya kioo.

Tuchukue kidoti kimoja pembeni mwa pua, mwenyewe akikibana kwa kucha mbili. Kucha zinasukuma kutoka kushoto na kulia, lakini kizibo kimekwama, na mafuta yaliyo chini yake hayana pa kwenda. Ukuta wa kitundu kilichoziba ni mwembamba kuliko mdomo wake, kwa hiyo hupasuka kwa ndani, chini ya uso wa ngozi. Mafuta, keratini na bakteria humwagika kwenye ngozi ya ndani, mahali ambapo mwili unaviona kama wavamizi. Juu hakuna kilichoonekana isipokuwa alama mbili za kucha. Kesho yake pale palipokuwa na kidoti kisichouma pamevimba, pana joto na panauma ukigusa. Aghalabu mwenye uso husema chunusi "imekua", kisha huibana tena na kuupanua mpasuko.

Kovu huanzia hapo. Chembe nyeupe za damu zinazokuja kusafisha humwaga vimeng'enya, na vimeng'enya hivyo hula pia kolajeni, nyuzi zinazoipa ngozi unene wake. Kolajeni iliyoliwa ikirudishwa pungufu, ngozi hubonyea na kubaki shimo. Ikirudishwa kupita kiasi, kovu huinuka, na kwa wenye mwelekeo wa keloidi huweza kuendelea kukua nje ya mipaka ya jeraha, hasa tayani, kifuani na mabegani.

Ngozi nyeusi ina jambo jingine. Uvimbe huchochea seli za rangi kutoa melanini kwa wingi, na sehemu yake hudondokea ngozi ya ndani. Uvimbe unapoisha, doa jeusi hubaki kwa miezi, pengine zaidi ya mwaka, na jua hulizidishia weusi. Kwa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki doa hilo ndilo gharama ya kawaida ya kujikamua, na linakera kuliko kidoti chenyewe.

Maski ya udongo haivuti wala haibani. Kaolini, udongo mweupe laini, na bentoniti, unaovimba ukilowa, hunyonya mafuta yaliyo juu ya ngozi na kuipunguzia mng'aro kwa saa kadhaa. Haiwezi kufika chini ya kitundu na kung'oa kizibo, hata kama pakiti inadai hivyo. Kosa kubwa ni kuiacha mpaka ikapasuka kama tope la kiangazi. Inapaswa kuoshwa kwa maji ya vuguvugu ikianza kupauka kingoni, kwa kawaida dakika 10 hivi, mara moja au mbili kwa wiki. Kuing'oa ikiwa kavu na kuisugua ni kurudi kwenye madhara yaleyale ya plasta.

Kinachobadilisha kizibo chenyewe ni dawa inayozuia seli zisigandane. Asidi ya salisiliki ya asilimia 0.5 hadi 2 huyeyuka katika mafuta, hivyo hupenya kitunduni. Adapaleni ya asilimia 0.1, tone la ukubwa wa punje ya njegere kwa uso mzima usiku, hurekebisha namna seli zinavyobanduka. Matokeo huonekana baada ya wiki 8 hadi 12, na wiki za mwanzo ngozi huweza kukauka na kuwasha. Mjamzito haitumii.

Aliyekwisha kujikamua anaweza kupima alichobaki nacho akiwa na tochi na kioo. Mwanga ukimulikwa kutoka ubavuni, doa hubaki bapa, na kidole kikipita juu yake hakihisi kitu. Hilo hufifia likikingwa jua na kuachwa bila kuguswa. Kovu la shimo hutupa kivuli. Krimu ya madoa hailijazi, na matibabu yake, kama kuikata mizizi ya kovu kwa sindano chini ya ngozi, hufanywa na daktari wa ngozi baada ya chunusi zote kutulia.