Nusu ya Methali Ndani ya Maji

Shangazi yangu alikuwa na miaka 58 alipoamua kujifunza kuogelea. Alizaliwa Tanga, na nyumba waliyokulia ilikuwa karibu na ufuko kiasi cha kusikia mawimbi usiku, lakini kwake bahari ilikuwa mahali pa kununua samaki na kupunga upepo. Alipomweleza baba yangu, kaka yake, alijibiwa kwa methali ambayo karibu kila mtu mzima anayeanza jambo jipya hukutana nayo: "Dada, samaki mkunje angali mbichi." Baba hakuwa na ubaya. Shangazi akanyamaza, na wiki mbili zikapita hajagusa maji.

Methali hiyo ni ya kweli mahali pake. Anayeijua ng'onda anajua kwamba samaki akishakauka humkunji, utamvunja. Wahenga waliitoa kwa ajili ya malezi: tabia ya mtoto hutengenezwa mapema. Kumwambia hivyo mtu mzima anayetaka kuelea ni kuihamisha methali kutoka nyumbani kwake. Mabega ya mtu wa miaka 58 ni mazito kuliko ya mtoto, hilo halina ubishi, na mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu au kifafa amwone daktari kabla ya kuingia majini. Lakini katika wiki za mwanzo, kinachomkaza mtu mzima si mifupa. Ni pumzi aliyoibana kifuani.

Aliyemfundisha alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, wa umri wa wanawe. Siku ya kwanza aliamkia, "Shikamoo mama," akaitikiwa, "Marahaba mwanangu," kisha wote wawili wakasimama katika maji ya kifuani bila kujua nani amwamuru nani. Si jambo dogo hili. Mtoto anamwambiaje mzazi, "Tia uso majini"? Binti yule aliona njia ambayo mpaka leo naiona ya busara sana. Alisema, "Mama, nyinyi ndio wenye methali. Nikianza, unimalizie." Akaanza, "Mtaka cha mvunguni..." Shangazi, kama Mswahili yeyote, hakuweza kuiacha ikining'inia. "...sharti ainame."

Hapo somo likawa limetoka kinywani mwa mkubwa mwenyewe, na adabu imebaki ilipo.

Tena lilikuwa somo la mwili hasa. Hewa ya mapafuni hufanya kazi kama boya, na boya hilo liko kifuani, wakati sehemu kubwa ya uzito wetu iko nyongani na miguuni. Kichwa cha mtu mzima kina kama kilo 5. Ukikilaza majini, maji yanakubebea. Ukikiinua ili uone unakokwenda, kilo hizo zinakuwa mzigo juu ya boya, na miguu inashuka kama upande mmoja wa mizani. Anayejifunza hudhani miguu yake ni mizito, basi anapiga mateke kwa nguvu zaidi, anachoka, anainua kichwa zaidi, anazama zaidi. Mwalimu anayetazama kutoka pembeni huliona kosa shingoni kabla ya kuliona miguuni. Kwa hiyo anayetaka miguu ipande, ainamishe uso. Bahari nayo humsaidia: lita moja ya maji yake ina uzito wa kama kilo 1.025, ya maji baridi ni kilo 1, na tofauti hiyo ndogo hutosha kumbeba mtu juu kidogo kuliko bwawa lingembeba.

Kujua hivyo hakukumwezesha Shangazi kutia uso. Alijaribu, akatoka baada ya sekunde moja akihema, maji yakiwa yamempanda puani. Vijana wawili waliokuwa wakicheza mpira ufukweni wakacheka, na binti akawageukia kwa sauti ya upole: "Maji ya kifuu, bahari ya chungu." Wakaelewa. Kwa sisimizi, maji yanayobaki katika kifuu cha nazi ni bahari kamili. Mtu aliyesikia habari za waliozama kwa miaka hamsini haingii katika maji yaleyale anayoingia mtoto wa miaka saba, hata kama kina ni kimoja.

Tatizo lake lilikuwa hili. Aliivuta pumzi, akaibana, akaingia. Ukiibana pumzi, kaboni dayoksaidi hujikusanya katika damu, na hiyo ndiyo inayompigia mtu kelele kwamba apumue, mapema sana kabla oksijeni haijawa ya kutisha. Anapotoka juu ana kazi mbili, kutoa hewa ya zamani na kuvuta mpya, na nafasi aliyonayo ni ya kazi moja. Anavuta hewa juu ya hewa. Kifua kimejaa, naye anahisi hana pumzi. Dawa yake ni kutoa pumzi ukiwa ndani ya maji, ili juu ibaki kazi ya kuvuta tu. Na hewa inapotoka puani, maji hayapati njia ya kuingia.

Kumwambia mtu "toa pumzi" huku akiogopa hakusaidii sana, kwa sababu hajui atoe kiasi gani wala kwa muda gani. Binti akairudia njia yake ya methali. Yeye alitamka nusu ya kwanza kwa sauti, "Haba na haba," na Shangazi wakati huo akavuta pumzi. Kisha Shangazi akatia uso, akaitikia nusu ya pili humo humo majini, midomo imefungwa, akiguna kama mtu anayebembeleza mtoto: "hujaza kibaba." Huwezi kuguna bila kutoa hewa puani. Mapovu yakapanda pande mbili za uso wake. Akainuka, akasikia, "Bandu bandu," akavuta, akashuka na "huisha gogo."

Nimeifikiria sana hekima ya jambo hili. Methali zetu nyingi zina vipande viwili, kimoja cha kuanzisha na kimoja cha kuitikia, na tangu utotoni masikio yetu yamezoea kukisubiri kile cha pili. Nusu ya pili ina urefu wa pumzi moja fupi. Akishaizoea "huisha gogo," unampa iliyo ndefu zaidi: "Papo kwa papo," naye anashuka na "kamba hukata jiwe." Bila kuhesabu chochote, muda wa uso kukaa majini umeongezeka. Na mwalimu ana kipimo anachokiona kwa macho: mapovu yakitoka mfululizo mpaka mwisho, mwanafunzi ametulia. Yakitoka kwa mkupuo mmoja kisha kimya, ameibana tena. Vidole vilivyomshika mwalimu mkono mpaka vikapauka vinasema hivyo hivyo.

Siku ya nne walitaka kuelea, lakini binti akakataa mpaka Shangazi ajue kwanza kusimama. "Mpanda ngazi..." "...hushuka." Kwa kawaida hiyo humwendea aliyelewa cheo. Hapa ilikuwa na maana ya wazi kabisa: hofu kubwa ya mtu mzima anayelala juu ya maji ni kwamba hajui atarudije kwenye miguu yake. Akielea kifudifudi, avute magoti kifuani, asukume maji kwenda chini kwa viganja vyote viwili, na kiwiliwili kikishasimama ndipo atue nyayo na kuinua kichwa. Wengi huanza na kichwa, miguu ikiwa bado nyuma, na hapo ndipo hutapatapa katika maji ya kiunoni. Shangazi alirudia kusimama mara kumi na zaidi kabla ya kuachiwa aelee, na alipoachiwa, alikaa.

Zipo methali ambazo binti yule hakuzikubali. Siku moja mjomba mmoja wa jirani alifika, akasema, "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," akashauri Shangazi apelekwe kwenye kina akajitetee. Methali hiyo inamfaa aliyeanza jambo akataka kuliacha njiani. Ikiwa sababu ya kumsukuma mtu asiyejua kupumua, ni hatari, na anayenusurika hutoka na hofu mpya juu ya ile ya zamani. Kuhusu kina, aliyoishikilia yeye ni "Maji usiyoyafika hujui wingi wake." Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu kwa muda wa saa sita hivi. Mahali palipokufika kifuani mnapoanza panaweza kukupita kichwa kabla ya saa moja kuisha. Kwa hiyo walichagua siku za maji mafu, asubuhi kabla upepo haujaamka, na Shangazi hakuingia peke yake hata mara moja.

Mume wake naye, kwa kumwona mkewe, akaanza kujifunza gari akiwa na miaka 61, na hapo niliona methali zikigoma. Kwenye klachi zilimfaa. Aliiachia ghafla, gari likaruka na kuzima, mpaka akakubali kwamba haraka haraka haina baraka: kuinua mguu taratibu, kusikia mlio wa injini ukishuka na kanyagio likitetemeka chini ya unyayo, kutulia hapo kidogo, ndipo kumalizia. Lakini alipofika njia panda, "Mwenda pole hajikwai" ilimweka katikati ya barabara, nusu ameingia nusu anasita, lori likimpigia honi. Kule hakuna nafasi ya maneno. Mwalimu wake akaamua methali zote zisemwe kabla ya kuwasha injini, na gari likishatembea isikike amri fupi tu: breki, gia, kulia.

Majini nafasi hiyo ipo, maana ukiwa kwenye kina cha kifuani unaweza kusimama wakati wowote.

Mwezi wa tatu baba alikuja kumtazama dada yake. Alisimama mchangani, suruali ameikunja, na binti akampa kazi ya kuanzisha methali. Nafikiri alitaka kuomba radhi kwa namna ya kaka mkubwa, kwa kuwa kati ya zote alizozijua alichagua ileile. "Samaki mkunje," akaita. Shangazi akavuta pumzi, akalaza uso, akajisukuma kwa miguu kutoka chini, mikono ameinyoosha mbele. Miguu yake ilipanda mpaka visigino vikaonekana juu ya maji. "Angali mbichi" ilitoka kwa mapovu, na mapovu yalipokwisha alikuwa bado anateleza.