Kwa Nini Picha ya Harusi Huchujuka Ikitumwa

Mpiga picha amemaliza kuhariri picha ya bibi harusi. Gauni ni jekundu la kukolea, nyuma yake kuna bustani ya kijani, na mikononi hina imechorwa kwa mistari myembamba. Kwenye kompyuta yake kila kitu kimetulia. Familia inaipokea kwa WhatsApp na kukuta wekundu umeelekea damu ya mzee, majani yamefifia na mistari ya hina imevurugika. Lawama huangukia kamera, au simu ya mpokeaji. Mara nyingi tatizo lilianzia kwenye hatua ya mwisho kabisa, pale picha ilipotolewa kwenye programu ya kuhariria. Faili moja ilitolewa, ikatarajiwa ifae kila mahali.

Tuanze na rangi, maana ndiyo inayowachanganya wengi. Faili ya picha haibebi rangi yenyewe, hubeba namba. Kila pikseli ina namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Namba hizo hupata maana kutokana na mfumo wa rangi uliotumika kuziandika. Mfumo wa sRGB, uliopendekezwa na kampuni za HP na Microsoft mwaka 1996, ndio ambao simu na mitandao mingi huuchukulia kuwa unatumika isipoambiwa vinginevyo. Adobe RGB, wa mwaka 1998, una wigo mpana zaidi, hasa upande wa kijani, na wapiga picha wengi huutumia wanapohariri.

Sasa tazama gauni letu. Wekundu uleule ambao sRGB huuandika 255, Adobe RGB huuandika takriban 219. Faili ya Adobe RGB hubeba lebo ndogo iitwayo profaili, inayomwambia msomaji jinsi ya kuzifasiri namba hizo. Lakini programu nyingi za kutumiana ujumbe huondoa taarifa zilizobandikwa kwenye faili, na profaili inaweza kupotea pamoja nazo. Simu ikikutana na 219 isiyo na lebo huisoma kama sRGB, na gauni linakuwa jeusijeusi kuliko lilivyokuwa. Hakuna kilichoharibika kwenye simu. Imesoma namba sahihi kwa mfumo usio wake.

Dawa ni kuigeuza picha iwe sRGB wewe mwenyewe kabla haijatoka. Katika Lightroom, fungua dirisha la `Export` na uchague `sRGB` kwenye `Color Space`. Katika Photoshop, nenda `Edit`, kisha `Convert to Profile`. Angalia usibonyeze `Assign Profile` iliyo karibu nayo, kwa sababu hiyo hubadilisha lebo tu na kuacha namba zilivyo, na rangi itabadilika palepale mbele ya macho yako. Ukigeuza ipasavyo, picha kwenye skrini haibadiliki au hubadilika kidogo sana. Iache profaili ndani ya faili pia. Ikifika salama itasaidia, na ikipotea hakuna hasara kubwa.

Jambo la pili ni ukubwa. Tuseme picha yetu ina pikseli 6000 kwa 4000, yaani kamera ya pikseli milioni 24. Ukiituma kwa njia ya kawaida, WhatsApp huipunguza hadi takriban pikseli 1600 upande mrefu na kuibana upya. Ukichagua `HD` huiachia ukubwa mkubwa zaidi, ingawa bado huibana. Kupunguzwa hakuepukiki, hivyo ni afadhali upunguze wewe, ukiwa na nafasi ya kunoa mistari ya hina baada ya kupunguza na kuona matokeo. Weka upande mrefu 1600, na kwenye Lightroom chagua `Screen` sehemu ya `Output Sharpening`. WhatsApp bado itaibana faili hiyo, lakini haitakuwa na sababu ya kuipunguza vipimo.

Instagram ina vipimo vyake. Upana unaotumika kwa picha za kawaida ni pikseli 1080, na picha ya wima ya uwiano wa 4 kwa 5 huwa 1080 kwa 1350. Picha yetu iliyopigwa wima ina 4000 kwa 6000, kwa hiyo uwiano huo unataka 4000 kwa 5000: pikseli 1000 za urefu lazima zikatwe. Kata mwenyewe, uamue kama kitakachopotea ni anga au pindo la gauni.

Kubana kwenyewe hufanywa na JPEG, ambayo huigawa picha katika vipande vidogo vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa undani ambao jicho halitauona kwa urahisi. Undani wa rangi hutupwa zaidi kuliko wa mwanga. Ndiyo maana dalili za kubanwa kupita kiasi huonekana kwanza pale gauni jekundu linapokutana na majani ya kijani: ukingo unatapakaa, na vivuli vya vijisanduku vinajitokeza. Kwa matumizi ya mtandao, kiwango cha 80 kwenye kipimo cha Lightroom cha 0 hadi 100 kinatosha. Ukipandisha hadi 100 faili huvimba sana bila tofauti utakayoiona kwenye simu. Jambo la kuepuka ni kuifungua JPEG, kuihariri na kuihifadhi tena na tena, kwani kila mara undani mwingine hutupwa. Rudi kwenye faili mama kila unapohitaji nakala mpya.

Kwenye kuchapa hesabu hugeuka. Tuseme familia inataka picha ya sentimita 20 kwa 30 ya kutundika sebuleni. Picha ya kushika mkononi au kutazama kwa karibu inapendeza ikiwa na pikseli 300 kwa kila inchi. Sentimita 30 ni inchi 11.8 hivi, kwa hiyo upande mrefu unahitaji takriban pikseli 3540, na ule mfupi 2360. Faili mama inazo na ziada. Lakini nakala ya WhatsApp yenye 1600 kwa 1067 inatoa pikseli 135 tu kwa inchi, na hina itatoka kama doa. Kuandika `300` kwenye kisanduku cha `Resolution` hakuongezi pikseli hata moja ikiwa vipimo vya picha havikubadilika. Bango kubwa linalotazamwa kwa mbali huridhika na 100 au 150, kwa kuwa jicho liko mbali.

Kwa studio, toa JPEG ya kiwango cha 90 au 95, kwa vipimo kamili vya karatasi. Mashine nyingi za kuchapa picha studioni hutarajia sRGB, lakini muulize fundi kwanza, kwani wapo wenye profaili yao. Picha inayokwenda kwenye kitabu au jarida huishia kwenye wino wa rangi nne, na kazi ya kuigeuza ni bora aifanye mchapaji anayeijua karatasi yake. Ukihariri kwenye skrini yenye mwanga mkali, chapa itatoka na giza; chapisha kipande kidogo cha majaribio kabla ya kulipia picha kubwa.

Namna ya kuipeleka nayo ina uzito. Tumia flashi, au WhatsApp kwa kuchagua `Document`, njia inayopeleka faili bila kuigusa. Na ukiwa wewe ndiye mpokeaji unayetaka kuchapa, angalia kwanza taarifa za faili. Ukiona 1600 kwa 1067, hiyo ni nakala ya kutazama kwenye simu. Mwombe mpiga picha ile ya kuchapa.