SWR Nzuri Bado Si Antena Nzuri

Ukinunua NanoVNA, kile kifaa kidogo cha kupimia antena kinachotosha kwenye kiganja, ndani ya boksi utakuta viplagi vitatu vidogo. Kimoja kina kizuizi cha omu 50. Kifunge kwenye tundu la kifaa, na skrini itakuonyesha SWR ya 1.0 au karibu kabisa na hapo, namba ambayo kila fundi wa antena anaitamani. Lakini kiplagi hicho hakirushi mawimbi. Nguvu yote inayoingia humo inageuka joto. Kwa hiyo anayekuonyesha SWR peke yake amekujibu nusu tu ya swali.

Tuianze hiyo nusu ya kwanza. Anayeishi pwani ameona wimbi likipiga ukuta wa gati na kurudi, likakutana na jingine linalokuja. Mahali fulani maji yanaruka juu sana, na hatua chache pembeni yanakaa karibu kimya. Kwenye kebo ya antena ni vivyo hivyo: antena isipoipokea nguvu yote, sehemu yake inarudi, na mawimbi mawili yanayopishana yanaacha vilele na mabonde yaliyosimama mahali pamoja. SWR ni uwiano wa volti za kileleni na za bondeni. Ikiwa hakuna kinachorudi, uwiano ni 1.

Mfano wetu uwe dipoli ya megahezi 433, masafa yanayotumiwa na rimoti nyingi za mageti. Dipoli ni mikono miwili ya waya iliyonyooka, na kebo imelehemiwa katikati. Urefu wa wimbi la masafa hayo ni sentimita 69.2, na nusu yake ni 34.6. Kata waya wa sentimita 34.6 kutoka ncha hadi ncha, uupime, na bonde la SWR utalikuta chini ya ulipolitaka, tuseme kwenye 412. Hujakosea hesabu. Waya halisi, wenye unene na ncha zake, hutenda kama mrefu zaidi ya inavyosema rula. Zidisha 34.6 kwa 412, gawanya kwa 433, unapata 32.9. Maana yake upunguze milimita 8 hivi kila mkono. Mimi hukata nusu ya kiasi hicho kwanza na kupima tena, kwa sababu waya uliokatwa haurudi.

Kabla ya yote hayo, kifaa lazima kisawazishwe kwa viplagi vile vitatu: OPEN, SHORT na LOAD. Weka kwanza masafa utakayopima, kisha funga viplagi kwenye ncha ya kebo, pale pale antena itakapokaa. Wengi huvifunga kwenye tundu la kifaa halafu ndipo waunganishe kebo, na hapo kebo inaanza kuwadanganya. Fikiria kebo mbovu inayokula nusu ya nguvu kila safari. Hata usipofunga antena yoyote, robo tu ya nguvu ndiyo itakayorudi kwenye kifaa, na skrini itasoma SWR ya 3. Ukifunga antena ya kawaida kabisa, itaonekana nzuri sana. Kebo inayopoteza nguvu huipamba kila antena.

Dipoli yetu ikishafika 433, usitegemee kuona 1.0. Dipoli iliyonyooka, iliyo mbali na vitu vingine, ina takriban omu 73 katikati yake, na kebo ni ya omu 50. Gawanya, unapata 1.46. Nguvu inayorudi kwa sababu hiyo ni asilimia 3.5 tu, na hakuna haja ya kuihangaikia. Ukikunja mikono kidogo kuelekea chini, kama paa la nyumba, omu zinashuka kuelekea 50 na SWR inapungua.

Kisha fanya jaribio hili dogo. Shika kebo kwa mkono, uuteleze taratibu kutoka kwenye antena kuja kwenye kifaa, huku ukitazama skrini. Mstari ukitikisika, nje ya kebo kunapita mkondo, na kebo yenyewe imekuwa sehemu ya antena. Pete kadhaa za feriti inayofaa masafa hayo, zikivalishwa kwenye kebo karibu na kiungo, huupunguza mkondo huo. Usilipuuze jambo hili, maana ndilo linaloharibu zaidi kipimo cha pili.

Kipimo cha pili kinauliza nguvu imekwenda upande gani. Safari hii tundu zote mbili za kifaa zinatumika: CH0 inarusha kupitia antena moja, CH1 inapokea kupitia nyingine, na skrini inasoma S21, yaani sehemu ya nguvu iliyofika. Unganisha kwanza kebo zote mbili moja kwa moja na usawazishe kwa THRU. Kisha simamisha dipoli mbili juu ya fito za mbao, zote zikilala mlalo na sambamba, zikiwa mita 3 mbali na juu kadiri uwezavyo. Mita 3 ni zaidi ya mawimbi manne, umbali unaotosha kwa antena ndogo kama hii.

Zikitazamana, tarajia takriban desibeli -30, yaani sehemu moja kwa elfu ya nguvu. Hiyo si dalili ya ubovu. Mawimbi hutawanyika yakisafiri. Sasa zungusha antena moja nyuzi 10 kila mara, andika namba, usimame mahali pale pale kila unaposoma, kwa sababu mwili wako nao unaakisi mawimbi. Ukimaliza, toa thamani kubwa kuliko zote katika kila namba na uchore kwenye duara. Utapata umbo la nane. Kinadharia, kwenye nyuzi 39 kila upande nguvu imeshuka nusu, na kwenye nyuzi 90, ncha ya waya inapoielekea antena nyingine, hakuna kinachofika.

Uani hali ni nyingine. Pale kwenye 90 utasoma labda -15 au -20 chini ya kilele. Njia ya moja kwa moja imezimika, lakini ukuta, mabati na ardhi bado vinaakisi, na kebo isiyo na feriti inarusha kwa upande wake. Ili kujua kama ni mwakisiko, zielekeze tena antena zitazamane, usogeze moja nyuma sentimita 17, ambazo ni robo ya wimbi. Umbali huo pekee unapaswa kushusha kipimo nusu desibeli tu. Kikiruka desibeli 3, unapima uwanja na siyo antena. Hamia mahali peupe zaidi.

Kuna mpaka mwingine ulio ndani ya kifaa chenyewe. Toa antena ya CH1, weka kiplagi cha omu 50 mahali pake, usome S21. Namba inayobaki ni kelele ya kifaa, na NanoVNA za kwanza hupungukiwa na uwezo huo zinapovuka megahezi 300. Ikiwa kelele iko -60, kipimo chochote kinachokaribia hapo si cha kuaminiwa, hata kama kinachora bonde zuri.

Basi ukiletewa grafu ya antena, tafuta kwenye ripoti umbali, kimo, mahali kifaa kiliposawazishwa, na kiwango cha kelele. Visipokuwapo, mrudishie mwenyewe akapime upya.