Pumu Kali: Nani Anafaa Kuchomwa Sindano Mpya?

Mwaka 2007 sindano ya pumu iitwayo mepolizumabu ilionekana haina maana. Wagonjwa 362 walikuwa wameingizwa kwenye jaribio, na mashambulizi hayakupungua kwa kiasi cha kuridhisha. Mwaka 2009 watafiti wa Leicester, Uingereza, wakachagua wagonjwa 61 tu, waliokuwa wakibanwa mara kwa mara na wenye chembe nyingi za eosinofili kwenye makohozi. Waliopata dawa walibanwa vibaya wastani wa mara 2 kwa mwaka. Wenzao waliochomwa sindano isiyo na dawa, mara 3.4.

Pumu, basi, ina aina zake. Eosinofili ni chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake mojawapo ni kupambana na minyoo. Kwa baadhi ya wenye pumu hujazana kwenye njia za hewa na kuziumiza. Mepolizumabu huzuia interlukini-5, kemikali ya mwili inayozikuza chembe hizo. Mtu ambaye pumu yake haitokani nazo hafaidiki.

Tuchukue mama wa miaka 38 ambaye mwaka huu ametumia vidonge vya prednisoloni mara tatu. Kwanza muuguzi amtazame akivuta dawa yake, maana wengi huivuta vibaya, au hutegemea salbutamoli peke yake na kuiacha dawa ya kila siku ya kutuliza uvimbe. Yeye anavuta sawasawa, kila siku, dozi kubwa. Damu yake ina chembe nyeupe 6,000 kwa kila maikrolita, na eosinofili ni asilimia 7, yaani 420. Kwa dawa hizi, madaktari wengi huanza kufikiria sindano kuanzia 150 au 300.

Lakini kipimo hicho kingefanyika siku anazomeza prednisoloni, kingeweza kushuka karibu na sifuri, naye akaambiwa hafai. Ndiyo maana damu hupimwa kabla ya vidonge, au wiki moja hadi mbili baada ya kuvimaliza, na hurudiwa ikibidi. Kwetu kuna mtego mwingine: minyoo, hasa strongiloidi, huipandisha namba hiyo. Choo kipimwe na minyoo itibiwe kwanza. Ikipita 1,500, daktari atafute magonjwa mengine.

Sindano hizi ni ghali mno, na hospitali nyingi hazina. Hata hivyo rufaa ina faida, kwa kuwa bingwa wa mapafu anaweza kugundua kwamba tatizo si pumu kabisa. Ikiwa unavuta dawa ipasavyo na bado umehitaji prednisoloni mara mbili au zaidi kwa mwaka, au umelazwa kwa pumu, omba rufaa. Nenda na majibu yako yote ya damu ya zamani, pamoja na tarehe ulizomeza vidonge.