Sindano ya Kimo kwa Mtoto Asiyeumwa

Tumchukue mvulana wa miaka 10 wa Suji, mlimani juu ya Makanya, wilayani Same. Ni mtoto wa mfano, lakini hesabu zake ni za kweli. Hana ugonjwa wowote: anakula vizuri, anapanda na kushuka milima kwenda shule na harudi amechoka. Tatizo ni moja, wenzake wote wamempita kimo na jina lao kwake ni “andunje”. Anapimwa na kukutwa na sentimita 123. Kwa chati za Shirika la Afya Duniani, mvulana wa umri wake huwa na wastani wa sentimita 138 hivi. Kati ya wavulana 100, ni mmoja tu aliye mfupi kama yeye.

Mtoto huyu angekuwa Marekani, daktari angeweza kumwandikia sindano za homoni ya ukuaji hata kama vipimo vinaonyesha kwamba homoni yake inatosha. Ruhusa hiyo ilitolewa na mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo mnamo Julai 2003, kwa watoto walio katika asilimia 1.2 ya wafupi zaidi kuliko wote wa rika lao. Hapo ndipo mjadala ulipopamba moto, kwa sababu mpaka huo haujatokana na ugonjwa. Ukiwapanga watoto wa nchi nzima kwa kimo, wa mwisho hakosekani. Ukimrefusha huyo, nafasi yake itashikwa na aliyekuwa mbele yake.

Zamani swali hili halikuwepo. Kuanzia mwaka 1958, homoni hii ilikamuliwa kutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo wa watu waliofariki. Ilikuwa adimu mno, hivyo walipewa tu watoto ambao tezi yao imeshindwa kabisa kuitengeneza. Mwaka 1985 ikagundulika kwamba baadhi ya waliotibiwa walipata ugonjwa wa kuua ubongo uliotoka kwa maiti hizo, na dawa ya zamani ikaachwa. Mwaka huohuo Marekani iliidhinisha homoni inayotengenezwa kiwandani kwa kutumia bakteria. Uhaba ukaisha. Swali la nani anaihitaji likageuka kuwa nani anaitaka na nani atalipa.

Je, inafanya kazi? Jaribio lililosubiriwa kwa hamu liliendeshwa na taasisi za taifa za afya za Marekani, na matokeo yake yakatoka mwaka 2004. Watoto 68 wafupi wenye homoni ya kawaida waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilidungwa homoni mara tatu kwa wiki kwa miaka kadhaa, na jingine likadungwa sindano isiyo na dawa kwa muda huohuo. Wapinzani walikwenda hadi mahakamani wakiuliza kwa nini watoto wazima watobolewe miaka yote hiyo bila tiba. Mwishowe, waliopata homoni walikuwa warefu zaidi kwa wastani wa sentimita 3.7. Dozi kubwa zaidi ya kila siku huongeza kidogo juu ya hapo, na wapo watoto wanaonufaika sana na wengine wasioongezeka karibu chochote. Hakuna awezaye kuwatambua mapema kwa uhakika.

Sasa rudi Suji. Kwa dozi ya juu iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2003, ambayo ni miligramu 0.37 kwa kila kilo ya uzito kwa wiki, mtoto wetu wa kilo 23 angehitaji miligramu 8.5 kila wiki, akidungwa takriban kila usiku kwa miaka minne au mitano, na dozi ikipanda kadiri anavyoongezeka uzito. Dawa inatakiwa kukaa kwenye jokofu kati ya nyuzijoto 2 na 8, na joto la Makanya kila mtu analijua. Watafiti wa Marekani mwaka 2002 walikadiria zaidi ya dola 35,000 kwa kila inchi inayoongezeka. Kwa sentimita nne hiyo ni zaidi ya dola 55,000.

Wanaoiunga mkono wana hoja nzito. Kipimo kinachomtenga mwenye upungufu na asiye nao kina mpaka uliowekwa kwa makubaliano tu, na umewahi kusogezwa. Watoto wawili wanaweza kuwa na kimo kilekile na masikitiko yaleyale, mmoja akapewa dawa na mwenzake akanyimwa kwa tofauti ndogo ya namba ya maabara. Wanaopinga wanajibu kwamba tafiti za watoto wafupi wenye afya hazikuwakuta na unyonge mkubwa uliodhaniwa, na haijathibitika kwamba sentimita chache huongeza furaha ya maisha. Kuhusu usalama, ufuatiliaji wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2020 haukuona ongezeko la vifo kwa kundi hili. Hata hivyo dawa ina madhara yanayojulikana, kama shinikizo ndani ya fuvu linaloleta maumivu makali ya kichwa, na kuteleza kwa mfupa wa nyonga, ambako mtoto huanza kuchechemea. Ulaya haijaidhinisha matumizi haya, na mwaka 2016 madaktari wa homoni za watoto wa Marekani wenyewe walishauri isitolewe kwa mazoea kwa kila mtoto mfupi.

Katika milima ya Upare kuna jambo jingine la kutazama. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ukitumia mpaka wa Marekani hapa, utanasa watoto wengi ambao ufupi wao ulianzia tumboni au kabla ya miaka miwili, kwa chakula duni na maradhi ya mara kwa mara. Sindano haiwafai. Homoni ya ukuaji hufanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa kuliamuru ini litoe kichocheo kingine, nacho ndicho kinachosukuma mifupa. Mtoto mwenye utapiamlo mkali mara nyingi ana homoni nyingi kuliko kawaida, ila ini halitii amri. Kumwongezea homoni ni kumpigia kelele fundi aliyeishiwa saruji.

Basi kwa mvulana wetu kazi huanza na kupima vizuri: bila viatu, visigino na mgongo vimegusa ubao, macho yakitazama mbele, na saa ileile ya siku, maana jioni mtu hupungua kwa hadi sentimita moja. Kisha wazazi nao wapimwe. Baba ana 163, mama 150. Kwa mvulana unaongeza 13 kwenye kimo cha mama, unajumlisha na cha baba na kugawanya kwa mbili; unapata 163. Kimo hicho ndicho kinachotarajiwa, kupanda au kushuka kwa sentimita kama nane. Hapo ufupi wa mtoto unaanza kueleweka. Picha ya eksirei ya mkono wa kushoto huonyesha umri wa mifupa; ikisoma miaka minane, bado ana miaka miwili ya ziada ya kukua. Ukimuuliza baba, huenda akakwambia naye alichelewa kubalehe.

Kipimo chenye uzito kuliko vyote ni cha pili, baada ya mwaka mmoja. Mtoto wa umri huu aliyeongezeka sentimita tano anakua kama kawaida, hata akiwa wa mwisho kwenye mstari. Aliyeongezeka chini ya nne, au anayeshuka kutoka mstari mmoja wa chati hadi mwingine, au anayeumwa kichwa na kuona vibaya, apelekwe KCMC Moshi bila kusubiri. Msichana mfupi sana kuliko wazazi wake naye achunguzwe kromosomu zake, hata kama anaonekana mzima. Miongoni mwa hao ndimo watoto wenye tezi ya shingo iliyolegea, ugonjwa wa utumbo au upungufu halisi wa homoni wanamopatikana, na tiba kwao hubadili maisha. Fedha za matibabu ya ukuaji, kama zipo, zianzie kwao, na kwa ubao mzuri wa kupimia kimo katika kila zahanati.